Hatua ya Nne na Hatua ya Tano

Nilipohamia Kampala kumfuata mume wangu, nilikuwa nimefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari Kenya kwa miaka kumi na mmoja. Hapa sikupata shule. Nilichopata ni meza katika chumba kidogo Wandegeya, juu ya maduka ya uchapishaji, ambako mashine za fotokopi hukoroma kutwa na wanafunzi hupanda ngazi na tasnifu zao mkononi. Nikawa mfasiri. Nilitafsiri barua za talaka, maelekezo ya pampu za maji, ahadi za makanisa. Kemia sikuwa nimeigusa tangu kidato cha nne, na hata wakati ule niliogopa mtihani wa vitendo kuliko mitihani mingine yote.

Mwanamke aliyeniletea kazi hii alikuwa mkemia mkuu wa kiwanda kidogo kilichoko upande wa Namuwongo, kinachotengeneza dawa ya kutibu maji ya kunywa. Ni binti wa askari kutoka kaskazini, amekulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: cha haraka, kisicho na habari na ngeli. Aliniita madamu tangu siku ya kwanza, nami nikamwita hivyo hivyo.

“Madamu, sisi tumefungua tawi Kongo,” aliniambia. “Watu wa kule Kizungu hapana. Kifaransa kidogo. Swahili ndiyo wanasoma vizuri. Mimi nilikuwa naenda kuwafundisha, lakini vibali imechelewa, na mapipa yameshafika. Kwa hiyo hii karatasi ndiyo mwalimu yao.”

Karatasi yenyewe ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza, maelekezo ya titresheni. Alinieleza kwa mikono, akichora hewani. Dawa hufika katika mapipa ikiwa kali sana, na nguvu yake hupungua kadiri inavyokaa. Kabla ya kuizimua na kuitia kwenye chupa, lazima ujue leo ina klorini kiasi gani. Unachukua kidogo, unaiongezea potasiamu iodidi na asidi, na klorini inaifukuza iodini itoke. Maji yanageuka rangi ya chai ya rangi. Kisha kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari na koki chini, unadondosha sodiamu thiosulfeti mpaka rangi iishe. Kiasi cha thiosulfeti ulichotumia ndicho kinachokuambia klorini ilikuwa kiasi gani.

“Ni kama kupima uzito,” alisema, “lakini unapima na matone.”

Niliifanya kazi ile kwa woga tangu mstari wa kwanza, na woga wangu wote niliuelekeza kwenye majina. Niligundua kwamba sodiamu thiosulfeti, sodiamu sulfeti na sodiamu sulfaiti ni vitu vitatu tofauti vinavyotofautiana kwa silabi moja au mbili. Potasiamu iodidi si potasiamu iodeti. Kila nilipofika kwenye neno kama hilo nilimpigia simu mkemia, naye akanisomea herufi moja moja. Kwenye asidi nilikwama nusu siku, kwa sababu Kiingereza kiliiita asidi asetiki “ya barafu,” nami nilikuwa karibu kuandika kwamba iwekwe kwenye jokofu. Alicheka mpaka akakohoa.

“Hapana, madamu! Maana yake ni ile safi, haina maji ndani. Sehemu ya baridi inaganda kama barafu. Jina tu.”

Nikaandika “asidi asetiki safi, isiyochanganywa na maji.” Maji yaliyokenekwa, yale ya mvuke uliopozwa, nikayafafanua kuwa si maji ya bomba wala ya mvua. Na nukta ya desimali ilininyima raha, kwa kuwa najua waliosoma kwa Kifaransa huweka mkato pale tunapoweka nukta, na mtu akiisoma vibaya 0.1 itakuwa moja kamili, mara kumi zaidi. Basi kando ya kila tarakimu nikaandika kwa maneno: sifuri nukta moja, yaani sehemu moja ya kumi. Nilijiona mwangalifu sana.

Tuliisoma pamoja ofisini kwake, mimi nikisoma kwa sauti, yeye akifuata Kiingereza kwa kidole. Kila nilipotamka kemikali aliitika kwa kichwa. Kulikuwa na sentensi moja ndefu ambayo naikumbuka hata leo, neno kwa neno: “Tia mililita kumi za asidi asetiki kwenye sampuli, ukiwa umekwisha kuyeyusha humo gramu mbili za potasiamu iodidi.” Ilikuwa sahihi. Asili yake ya Kiingereza ilikuwa imepangwa hivyo hivyo, asidi mbele, iodidi nyuma, na lile neno dogo la “ukiwa umekwisha” likizishika mbili hizo mahali pake.

Siku mbili baadaye alinipigia. “Madamu, ni nzuri, lakini ndefu. Wanataka kubandika ukutani. Nitengenezee ukurasa moja, hatua na namba.”

Nikaifanya asubuhi moja, nina kazi nyingine mbili zinanisubiri. Nilikata sentensi ndefu kuwa fupi. Kila tendo likapata mstari wake na namba yake. Nilipofika kwenye sentensi ile niliikata katikati, na vipande viwili vikakaa kwa mpangilio ule ule vilivyokuwa. Hatua ya nne: Tia mililita kumi za asidi asetiki safi. Hatua ya tano: Yeyusha gramu mbili za potasiamu iodidi. “Ukiwa umekwisha” halikuwa na pa kukaa kwenye mstari mfupi, nikalifuta.

Nilikagua majina yote. Nilikagua viwango vyote, mara mbili. Nikamtumia. Aliuangalia ukurasa kwenye simu yake akiwa kwenye kikao, akajibu kwa alama ya kidole gumba. Waliuchapisha katika duka la chini ya ofisi yangu, wakautia plastiki, na lori la wiki ile likaondoka nao.

Siku tisa zilipita tangu ubandikwe ukutani kule.

Ilikuwa Alhamisi, kama saa nne asubuhi, simu iliponiita kutoka namba ya Kongo. Alikuwa kijana wa kiume mwenye sauti ya adabu, fundi wa maabara ya tawi lile. Namba yangu aliikuta chini ya karatasi, kwa kuwa nilikuwa nimeiandika mwenyewe, nikijidai kwamba swali lolote la lugha niulizwe mimi.

“Mama, samahani kukusumbua,” alisema. “Niko na swali moja. Kwa hatua ya saba umeandika wanga. Wanga iliyoletwa imekwisha. Unga ya muhogo inaweza kusaidia?”

Nilimwambia hilo ni swali la mkemia, nitamuuliza. Lakini nilitaka nijue wanga unatumika lini, ili nisimuulize mkemia nusu swali. Nikamwomba anisomee hatua kuanzia mwanzo. Karatasi yangu ilikuwa mbali, na kusema kweli nilitaka pia kusikia inavyosomwa na mtu mwingine.

Akasoma polepole, kama mtoto mbele ya darasa. “Ya kwanza, chukua mililita kumi za dawa kutoka pipa. Ya pili, tia katika chupa ya mililita mia mbili hamsini, jaza maji mpaka alama. Ya tatu, chukua mililita ishirini na tano, weka katika flaski ya koni. Ya nne, tia mililita kumi za asidi asetiki safi. Ya tano…”

Sikuisikia ya tano. Siku moja kati ya zile za simu nyingi, mkemia alikuwa ameniambia, kwa kupitia tu, kwamba dawa hii na asidi hazikutanishwi zenyewe kwa zenyewe; iodidi lazima iwepo kwanza, iipokee klorini, la sivyo klorini inatoka hewani. Nililijua hilo. Ndiyo maana sentensi yangu ya mwanzo ilikuwa sahihi.

“Ngoja,” nilisema. “Mnatia asidi kabla ya potasiamu?”

“Ndiyo, Mama. Kama ulivyoandika.”

“Siku zote?”

“Siku zote. Asubuhi mara tatu, mchana mara tatu.” Kisha akaongeza, bila kulaumu, “Ile asidi iko na harufu mbaya sana. Inauma macho. Tunafunga dirisha juu ya vumbi, isiingie, harufu inabaki. Mwenzangu, yeye ana pumu, jana alikohoa mpaka akatapika. Tulifikiri ni homa.”

“Yuko wapi sasa?”

“Iko ndani. Anafanya sampuli ya tatu.”

Nilisimama. Nakumbuka kiti kilianguka na mwenzangu wa meza ya pili akanigeukia. “Mwambie aache! Mtoe nje sasa hivi, fungua madirisha, asitie tena asidi!” Nilikuwa napiga kelele. Nilimsikia akianza kuita jina la mwenzake, nikasikia mlango, kisha nikasikia kikohozi, cha mwanamke, kikavu na cha mfululizo, na simu ikakatika.

Nilipiga tena. Haipatikani. Nilipiga mara nane, kumi, yule mwanamke wa kwenye mtandao akinijibu kwa Kifaransa kila mara. Nikampigia mkemia, simu iliita mpaka ikachoka. Nilijua sababu. Maabara kwake simu haziingii, huachwa mezani nje ya mlango.

Nikachukua karatasi nikashuka ngazi mbio. Mwendesha boda aliniangalia usoni akaniuliza, kwa heshima ya Kiganda, “Nyabo, ni hospitali?” Nikamwambia hapana, Namuwongo, upande wa viwanda, na aende haraka. Njia nzima nilikuwa nimeikunja ile karatasi kifuani, na akilini mwangu nilikuwa nimeshamzika mwanamke nisiyemjua. Nilimpa uso, nikampa watoto. Nilifikiria mtu atakayeniuliza kwa nini, na jibu langu litakuwa kwamba mstari haukutosha. Pale kwenye njia ya reli tulisimama kupisha treni ya mizigo, na sijawahi kuyachukia mabehewa kama siku ile. Yalipita moja moja, taratibu, hayaishi.

Mlinzi wa kiwanda alinijua, akanifungulia. Nilimkuta mkemia kwenye maabara yake, amevaa miwani ya kinga, mkono wa kushoto kwenye koki ya bureti. Hakutaka kugeuka kabla ya tone la mwisho. Nikaweka karatasi mbele ya macho yake na kidole juu ya hatua ya nne.

Alisoma midomo ikimtembea. Akaiacha koki.

“Mungu wangu,” alisema. “Nani amegeuza?”

“Mimi.”

Alitoka mpaka kwenye simu yake, akaanza kupiga. Fundi, haipatikani. Meneja wa tawi, yuko barabarani, hakuna mtandao. Mtunza ghala, simu inaita, haipokelewi. Alipiga akiwa amesimama, mimi nikiwa nimekaa kwenye sanduku la chupa tupu. Katikati ya simu mbili alizungumza bila kuniangalia.

“Ni kidogo,” alisema. “Klorini ndani ya flaski moja ni kidogo. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri, itamuuma, atatoka nje. Lakini mara sita kwa siku, dirisha imefungwa, na mtu wa pumu ameinama juu yake…” Akabonyeza namba nyingine. “Na hiyo moja tu. Kuna ya pili.”

Ya pili sikuwa nimeifikiria kabisa. Klorini inayotoroka hewani haihesabiwi. Iliyobaki inaitoa iodini vilevile, rangi ya chai inatokea vilevile, wanga, unaoionyesha iodini kwa rangi, unaweka buluu na buluu inaondoka vilevile. Hakuna kitu machoni kinachoonyesha kosa. Ila bureti inasoma pungufu. Kwa hiyo kwa siku tisa wale watu walikuwa wanaambiwa na karatasi yangu kwamba dawa ni dhaifu kuliko ilivyo, na kwa uaminifu wao wakaizimua kwa maji machache, na kila chupa ikatoka kali kuliko lebo yake. Mama anayemimina kifuniko kimoja kwenye dumu la lita ishirini alikuwa anamimina zaidi ya alichoambiwa.

“Kali kiasi gani?” niliuliza.

“Sijui. Mpaka nipime kama wao walivyopima.”

Mtunza ghala alipokea baada ya saa moja na robo. Mkemia aliweka sauti ya nje. Mwanamke yuko hai, alisema mtunza ghala. Wamempeleka zahanati ya misheni, amepewa dawa ya kuvuta, amekaa kitako, anaongea. Fundi alikuwa naye. Simu yake ilianguka alipokimbilia ndani ikapasuka.

Mkemia alifunga macho. Kisha, akiwa bado ameyafunga, akaanza kuuliza kuhusu katoni za chupa: ngapi ziko ghalani, ngapi zimetoka, zimekwenda wapi. Nyingi zilikuwa bado ndani zikingoja usafiri. Pikapu moja ilikuwa imeondoka Jumatatu kuelekea vijiji vya ziwani. “Hakuna kitu kutoka tena,” alimwambia. “Funga mlango, kaa na funguo mfukoni. Na ile karatasi ya ukutani, toa. Usisubiri mtu. Toa wewe mwenyewe.”

Alipokata simu nikamwambia niko tayari kuandika barua, kukiri kosa, chochote. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike.

“Madamu, hii ukurasa mimi niliiona. Niliangalia majina. Niliangalia moja, mbili, sifuri nukta moja. Niliona yote iko. Niliweka kidole gumba.” Alivua glavu moja. “Na mimi ndiye mwenye kujua kemia. Wewe ni mtu wa maneno.”

Sikufarijika. Mpaka leo sijajua kama alinisamehe au alikuwa anajihukumu tu, mimi nikiwa kando.

Alasiri ile alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinipa koti jeupe, miwani na glavu, akafungua madirisha yote na kuwasha feni inayovuta hewa nje. Kwenye meza ya ofisi yake nilikuwa nimeandika ukurasa mpya, iodidi ya nne, asidi ya tano, na chini ya ya nne nimeongeza mstari mzito: Usitie asidi kabla potasiamu iodidi haijayeyuka yote.

“Sasa fanya,” alisema. “Na karatasi yako tu. Mimi sitasema neno.”

“Mimi?”

“Yule kijana pia hakuwa na mtu.”

Pipeti, ule mrija wa kupimia, iligonga mdomo wa chupa. Nilisoma mstari, nikafanya, nikasoma tena. Hatua ya tatu haikusema flaski iwe ya ukubwa gani. Nilisimama na kumtazama, naye akatazama ukuta. Nikachagua, nikaandika kwa penseli pembeni. Nilimwaga fuwele za potasiamu iodidi, nikazungusha flaski mpaka zikapotea. Nilipofikia asidi nilisita muda mrefu. Nilijua ilikuwa mahali pake, nilikuwa nimeiweka mwenyewe, na bado mwili ulikataa. Nilibana pumzi nikaitia. Harufu ilikuwa ya siki kali, basi. Ndani ya flaski rangi ya chai ilipanda kutoka chini, nzito, tulivu.

Nikafungua koki. Chai ikafifia, ikawa rangi ya majani makavu. Karatasi yangu ilisema “rangi ikipungua, tia wanga,” na hapo nikaona upungufu mwingine: ikipungua kiasi gani? Nikaandika penseli: ikifika njano hafifu, si kabla. Nikatia wanga, kila kitu kikawa buluu ya giza, nami nikadondosha tone, tone, tone, mpaka tone moja likaufuta ubuluu wote na kubaki maji.

Mkemia alikuja akasoma mstari wa bureti, kisha akaandika namba. Baadaye akarudia yeye mwenyewe kwa njia ya karatasi ya zamani, dirishani, mkono umenyooka mbali na uso, akaisubirisha asidi dakika kadhaa kama mtu anayetafuta iodidi kwenye kabati. Namba zikatofautiana kwa karibu mililita nne kati ya thelathini na moja. Alinionyesha daftari. Nilikuwa natazama kosa langu limepimwa.

Ukurasa mpya ulitumwa kwa simu siku hiyo hiyo, na nilimfanya fundi, kwa simu ya mtunza ghala, anisomee wote. Kisha nikamwambia aniambie kwa maneno yake mwenyewe anatia nini kwanza na kwa nini. Akaniambia. Nilimwomba radhi. Akasema, “Mama, sisi tulifikiri ndivyo inanuka.”

Mwenzake alirudi nyumbani baada ya siku mbili. Sikupata ujasiri wa kuzungumza naye mpaka mwezi uliofuata, na alipopokea simu hakujua mimi ni nani. Nililazimika kujieleza kuanzia mwanzo. Aliniuliza swali moja tu: kama hata karatasi nyingine, zile za mashine ya chupa, ni mimi niliyeziandika. Nikamwambia ndiyo, niliziandika wiki ile ile. Akasema basi zisomwe upya. Zilisomwa upya. Mkemia alikuja Wandegeya na kurasa zote, tukazipitia kwa siku tatu, yeye akiuliza safari hii, “Kabla ya hii kuna nini? Baada ya hii kuna nini?”

Katoni za ghalani ziliharibiwa kwa utaratibu. Za ziwani walizirudisha nyingi. Chache hazikurudi. Mkemia aliniambia kwamba kwa nguvu ile maji yangenuka na kuwasha koo, watu wengi wangeyamwaga, na huenda ndivyo ilivyokuwa, hatukusikia lolote. Lakini nimewahi kumwona mwanamke kwenye duka la Nateete, hapa Kampala, akigeuza chupa ya dawa ya maji kusoma maelekezo ya kifuniko kimoja kwa dumu moja, midomo ikimtembea, na nikatoka dukani bila kununua nilichofuata.